Tangazo la ufadhili nimelipata kwa picha, na tarehe zangu zinavutana

Shikamoo Shangazi,

Binamu yangu ametuma kwenye kundi la familia picha ya tangazo la ufadhili wa shahada ya uzamili lililobandikwa ubaoni. Nimekuambatishia. Imepigwa upande, flashi imemulika katikati, na chini pamekatika. Ninachoweza kusoma ni "umri usiozidi miaka 35", kisha mng'ao. "Uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili baada ya kuhitimu". Na viambatisho: (a) nakala zilizothibitishwa za vyeti na matokeo ya chuo, (b) andiko la malengo lisilozidi maneno 500, (c) barua mbili za mapendekezo, moja kutoka kwa mwajiri wa sasa. Pembeni pameandikwa "nne, 07/04/202" na tarakimu ya mwisho imefunikwa na pini, halafu "saa 11:00". Usaili ni Juni.

Nilizaliwa 20 Machi 1991. Nilimaliza mitihani Julai 2023 na mahafali yakawa 24 Novemba mwaka huo. Septemba 2023 nilianza kujitolea siku tatu kwa wiki kwenye shirika ambalo nipo hadi leo, na 1 Aprili 2024 nikaajiriwa muda wote. Mkataba unaisha 31 Machi mwaka huu, na bosi ameshasema ataangalia nani ana nia ya kubaki.

Naona lazima niwasilishe kabla ya siku yangu ya kuzaliwa, lakini hapo itabidi nimwombe bosi barua sasa hivi, akijua nataka kuondoka. Mwenzangu kazini ananishauri niandike kwamba niliajiriwa tangu Septemba 2023, ati hakuna atakayefuatilia. Mume wangu anasema huenda tangazo lenyewe ni la zamani. Silali, Shangazi. Niombe au niache?

Msomaji, 2 Februari 2026

*

Marhaba mwanangu,

Nianze na shaka ya mume wako, kwa sababu ikiwa ana haki, mengine yote hayana kazi. Picha yako ina ushahidi zaidi ya ulivyodhani. Ile "nne" iliyobaki kabla ya tarehe haiwezi kuwa siku nyingine ila Jumanne. Sasa 07/04 inasomeka kwa njia mbili: 7 Aprili kwa anayeanza na siku, au 4 Julai kwa anayeanza na mwezi kama Wamarekani. Usaili wa Juni unaiondoa Julai, kwani hakuna anayesaili watu kabla hajafunga kupokea maombi. Inabaki 7 Aprili iliyoangukia Jumanne. Fungua kalenda, uhesabu kuanzia 2020 hadi 2029, utakuta miaka miwili tu: 2020 na 2026. Kwa hiyo ama tangazo liko hai, ama lilikufa miaka sita iliyopita.

Kalenda haiwezi kukuambia zaidi ya hapo. Binamu yako anaweza. Muulize kama alipiga picha mwenyewe, lini, na kwenye ubao upi. Kama aliipiga juzi kwa mkono wake, shaka inapungua sana, kwani karatasi haikai ubaoni miaka sita ikiwa nyeupe. Kama naye alitumiwa, hujui chochote bado, maana picha ikishapitishwa kundi hadi kundi hupoteza kumbukumbu ya siku iliyopigwa. Akiwa karibu na ubao, mwombe arudi aondoe pini, azime flashi, asimame moja kwa moja mbele ya karatasi, apige moja inayoonyesha kona zote nne, kisha nyingine za karibu zinazopishana kidogo kutoka juu hadi chini. Azitume kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu programu za ujumbe hubana picha na maandishi madogo huvurugika.

Hata ikija picha safi, usiishie hapo. Tafuta tangazo lenyewe kwa mfadhili. Andika anwani ya tovuti yake mwenyewe kwa mkono badala ya kuskani msimbo ulio kwenye picha, na uwe makini na herufi zinazofanana: sifuri na O, l na 1, r na n zikikaribiana zinazoonekana kama m. Ukikuta kwamba tangazo la picha linaomba ada ambayo tovuti ya mfadhili haiitaji, simama hapohapo.

Kuna jambo moja zaidi kwenye picha. Mstari wa (c) haukuishia na nukta. Umeishia na nuktamkato, na hakuna neno "na" baada yake. Anayeandika orodha ya namna hii huweka "na" kabla ya kipengele cha mwisho. Maana yake chini ya pale palipokatika kuna angalau viambatisho viwili zaidi. Vinaweza kuwa vyepesi, kama nakala ya pasipoti, au vizito, kama barua ya udahili au uchunguzi wa afya, ambavyo huchukua wiki kadhaa. Kabla hujaviona, ratiba yoyote utakayoandika ni ya muda.

Sasa tuje kwenye "kabla ya siku yangu ya kuzaliwa". Hapa nataka tutembee polepole, kwa sababu nahisi umejibebesha mzigo ambao tangazo halijakutwika.

Maneno "umri usiozidi miaka 35" husomwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema una miaka 35 mpaka utimize 36, hivyo wewe uko salama hadi 19 Machi 2027. Wapo wanaosema ukishapita siku ya kutimiza 35 umezidi, hivyo mwisho wako ni 20 Machi mwaka huu. Wengine huandika waziwazi kuondoa utata. Ufadhili wa serikali ya China, kwa mfano, unataka mwombaji wa uzamili awe chini ya miaka 35. Lako halikuandika hivyo. Kisha kuna swali la pili, ambalo huenda ndilo lililomezwa na mng'ao: umri huo unahesabiwa siku gani? Siku unayowasilisha, siku ya mwisho ya kupokea maombi, au siku masomo yanapoanza?

Weka maswali hayo mawili pamoja uone. Wakisoma kwa upole, kuwahi hakukuongezei kitu. Wakisoma kwa ukali na kuhesabu kwa 7 Aprili au siku ya kuanza masomo, kuwahi hakukuokoi, kwani siku hiyo utakuwa umeshavuka. Kuwahi kunakusaidia katika hali moja tu: wakisoma kwa ukali na pia wakihesabu kwa siku unayowasilisha. Hali hiyo inawezekana, na mifumo ya mtandaoni inayokokotoa umri wenyewe pale unapobonyeza kitufe huweza kufanya hivyo. Lakini ni hali moja kati ya kadhaa. Je, unataka kuhatarisha mazungumzo na bosi wako kwa ajili yake kabla hujajua kama ndiyo iliyopo?

Uzoefu nao unakuvuta upande wa pili, na hili sidhani uliliona. Ajira yako ya muda wote inatimiza miaka miwili 31 Machi. Ukiwasilisha, tuseme, 18 Machi, na mfadhili akihesabu ajira ya muda wote peke yake hadi siku ya kuwasilisha, una miezi 23 na nusu. Umepungukiwa wiki mbili. Akihesabu hadi siku ya mwisho ya kupokea maombi, umetosha.

Hapo ndipo kujitolea kwako kunapopata uzito. Tangazo linasema "baada ya kuhitimu", na wafadhili wengi huchukua tarehe iliyo kwenye cheti, si siku uliyotoka kwenye chumba cha mtihani. Basi acha Septemba na Oktoba, uanzie 24 Novemba 2023. Kutoka hapo hadi 31 Machi 2024 ni wiki 18. Kwa siku tatu kila wiki unapata siku 54 za kazi, ambazo kwa wiki ya siku tano ni karibu wiki 11, yaani miezi miwili na nusu. Ukizijumlisha na ajira yako, ulitimiza miaka miwili katikati ya Januari. Kuna wafadhili wanaokubali hesabu hii: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hupima uzoefu kwa saa, 2,800 kwa jumla, na kazi ya muda na ya kujitolea huingia humo. Wengine hukataa kujitolea kabisa. Lako hatujui.

Kwa hiyo ushauri wa mwenzako, mbali na kuwa ni uongo, huenda unaficha kitu ambacho kingekufaa kikiwa wazi. Ukiandika "muda wote tangu Septemba 2023", tarehe hiyo itapishana na barua yako ya ajira inayosema 1 Aprili 2024, na barua ya bosi itataja ya tatu. Wanaochambua maombi hulinganisha karatasi hizo ubavuni kwa ubavu, na tofauti ikionekana hata baada ya kuchaguliwa, nafasi huweza kufutwa. Ukiandika kama ilivyokuwa, yaani kujitolea siku tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa kisha ajira, mtu anayehesabu anaweza kukuhesabia. Kinachokosekana ni ushahidi. Omba ofisi ya utumishi barua ya kuthibitisha utumishi wako yenye tarehe zote mbili na idadi ya siku kwa wiki. Hiyo ni barua ya kawaida ambayo watu huomba kwa benki na kwa mambo mengi; haimlazimu mtu kueleza anakwenda wapi.

Mambo haya yote yanaishia kwenye maswali machache ambayo mfadhili peke yake ndiye anayeweza kuyajibu. Usimuulize "je, nina sifa?", kwani utajibiwa usome tangazo. Mpe tarehe, umuulize kitu kinachojibika kwa neno moja. Unaweza kuandika hivi:

"Tangazo lenu linataka umri usiozidi miaka 35 na uzoefu wa miaka miwili baada ya kuhitimu. Nilizaliwa 20 Machi 1991 na cheti changu ni cha 24 Novemba 2023. Naomba kufahamu: umri unahesabiwa kufikia siku gani, na aliyetimiza 35 lakini hajafika 36 anakubalika? Kazi ya kujitolea ya siku tatu kwa wiki inahesabiwa? Uzoefu unahesabiwa hadi siku ya kuwasilisha au hadi siku ya mwisho ya kupokea maombi? Barua ya mwajiri inaweza kuandikwa na msimamizi wangu wa karibu?"

Jibu likija, lihifadhi na uliambatishe kama mfumo unaruhusu.

Kuhusu bosi, ninaelewa hofu yako, na sitaki kuipuuza. Hata hivyo, alichosema ni kwamba ataangalia nani ana nia ya kubaki. Wewe ndiye uliyetafsiri kwamba anayetaka kusoma hana nia hiyo. Labda ndivyo anavyoona, labda sivyo. Unamjua kuliko mimi. Je, aliwahi kumruhusu mtu kwenda masomoni akarudi? Hilo lingekuambia mengi bila kumuuliza.

Ukimwambia mwezi huu, unapata muda wa kutosha na barua isiyoandikwa kwa haraka, lakini anaamua juu ya mkataba wako akiwa na habari hiyo mkononi. Ukingoja hadi mkataba usainiwe, umejilinda upande huo, ila angalia kalenda. 31 Machi ni Jumanne. Zinabaki Jumatano na Alhamisi, kisha 3 Aprili ni Ijumaa Kuu na 6 Aprili ni Jumatatu ya Pasaka, siku ambazo katika nchi nyingi ofisi hufungwa. Jumanne ya tarehe 7 nayo si siku nzima. Ile "saa 11:00" haina neno la mchana wala jioni: aliyeandika kwa saa za Kiswahili alimaanisha jioni, aliyeandika kwa saa za kompyuta alimaanisha saa tano asubuhi. Mpaka uthibitishe, chukua ya asubuhi. Kwa hesabu hiyo, ukingoja una siku mbili za kazi na asubuhi moja. Na kuna hatari nyingine ndani ya kungoja: mkataba usipohuishwa, kufikia 7 Aprili shirika hilo si "mwajiri wa sasa" tena, na barua iliyotakiwa haipo. Ukisaini kisha ukaomba barua siku inayofuata, pia, soma kifungu cha notisi kwanza, na ujiulize utamtazamaje.

Njia ya kati ni msimamizi wako wa karibu, kama mfadhili atamkubali na kama ni mtu wa kutunza siri. Swali la nne kwenye ujumbe wako linahusu hilo.

Ratiba yako, basi, ijenge kwa namna ambayo haikulazimishi kuchagua mapema. Karatasi zote ziwe tayari Ijumaa ya 13 Machi, ili uweze kuwasilisha Jumatano ya 18 au kungoja 1 Aprili, kutegemea jibu. Wiki inayoanza 9 Februari, pata tangazo kamili, tuma ujumbe kwa mfadhili, na uombe chuo nakala rasmi ya matokeo siku hiyohiyo. Matokeo ndiyo huchelewesha wengi, na huwezi kuthibitisha nakala ya kitu ambacho hakijafika. Wanaochanganya mpangilio huu hukuta wamegonga muhuri vyeti mara ya kwanza, kisha wanarudi tena kwa karatasi moja.

Wiki hiyohiyo fungua akaunti kwenye mfumo wa maombi kama upo, ujaze bila kuwasilisha. Utaona orodha nzima ya viambatisho, na tarehe yako ya kuzaliwa ikikataliwa utajua mapema. Weka ile ya kweli. Usijaribu nyingine ili uone itakuwaje, kwani baadhi ya mifumo haikuruhusu kuirekebisha. Angalia pia jinsi barua za mapendekezo zinavyopokelewa. Mara nyingi mfumo humtumia mwandishi kiungo baada ya wewe kuingiza barua pepe yake, na mingine haikubali uwasilishe mpaka barua zote zifike. Hapo siku yako ya mwisho si yako tena, ni ya yule anayekuandikia.

Mhadhiri wako muombe ifikapo 16 Februari, ukimpa wasifu wako na rasimu ya andiko la malengo, na umtajie 9 Machi kama siku unayoihitaji. Usimtajie 7 Aprili; atakuandikia tarehe 6. Hiyo 16 Februari iwe pia siku ya kumkumbusha mfadhili kama hajajibu, safari hii kwa simu, kisha umwandikie ujumbe mfupi unaorudia alichokuambia ili kiwe kwenye maandishi.

Ijumaa ya 27 Februari keti na mume wako mkiwa na majibu mezani. Wakikuambia umri wako umepita kwa vyovyote, bosi hahitaji kusikia chochote, na matokeo uliyoyachukua chuoni yatakufaa kwa ufadhili mwingine. Wakisema umri ni salama hadi 36, unaweza kungoja Aprili kama unapenda, ukijua siku ni mbili. Wakisema lazima uwasilishe kabla ya 20 Machi, ndipo swali la bosi linakuwa la kweli, na bado una wiki mbili za kulizungumza naye. Kama hawajajibu kabisa, mtakuwa mnapima kati ya umri unaokuvuta huku na uzoefu unaokuvuta kule. Mimi ningetazama kwanza lipi kati ya hayo mawili ninaweza kulionyesha kwa karatasi. Uzoefu unaweza kuupatia barua ya utumishi. Umri hauna barua.

Ukipata picha nzima, nitumie hivyo viambatisho vilivyokatika, tuone vinahitaji wiki ngapi.

Shangazi yako